Uliuza opsheni? Ifunge mbele ya wiki ya mwisho: gama, pini, na ile Ijumaa ya saa ine ya usiku

Ijumaa, saa ine ya usiku hapa Lubumbashi, soko la New York linafunga. Hisa uliyoifuata mwezi mzima imesimama 40.03, na wewe uliuza puti mbili za straiki 40. Uko juu ya straiki kwa senti tatu, unajiambia opsheni imekufa sifuri, premiamu ni yako, unaweka simu chini unaenda kulala. Jumatatu unafungua akaunti ya dola 1,500 na unakuta hisa 200 za dola 8,000 ndani na deni ya dola 6,500. Hakuna aliyekuibia, hakuna kosa la kompyuta, kila kitu kimeenda vile sheria inasema. Sasa tuone ilipitia wapi, na namna ya kufunga mapema mpaka hiyo Ijumaa isikuhusu kabisa.

Naandikia mtu ambaye tayari anauza puti, koli ao spredi kwenye hisa za Amerika, anajua premiamu ni nini na straiki ni nini. Kama bado haujauza hata moja, soma tu lakini usianzie hapa.

Kwanza, mama wa unga

Kabla ya namba, chukua mfano wa soko. Umemwahidi mama mmoja wa soko la Kenya (commune yetu, si nchi) hivi: mpaka mwisho wa mwezi, ukitaka kuniuzia gunia 100 za unga kwa dola 40 kila gunia, nitazinunua, na juu ya hiyo ahadi yeye anakulipa kitu kidogo leo. Hiyo kitu kidogo njo premiamu. Siku 30 mbele, bei ya unga ikishuka dola moja hauna homa sana, juu siku ziko mingi, malori ya Kasumbalesa yanaweza kuchelewa na bei ikapanda tena. Kichwani mwako unajua tu kwamba labda zitakuangukia, labda hapana.

Sasa fika jioni ya siku ya mwisho, bei iko 40 kamili. Hapo hakuna tena "labda". Bei ikiwa 40.50 hauchukui gunia hata moja, ikiwa 39.50 unachukua zote 100. Dola moja tu katikati, na mzigo wako unatoka sifuri mpaka mia. Hiyo kasi ya mzigo kubadilika njo gama.

Na kibaya zaidi: soko linafunga saa kumi, lakini mama ana haki ya kukupigia simu mpaka saa kumi na moja na nusu. Katikati ya hapo habari ikifika kwamba malori 20 yamevuka mpaka na unga utashuka kesho, yeye anasikia, anakupigia, anakushikisha gunia 100 kwa bei ya 40. Wewe hauwezi kukataa na hauna mahali pa kuziuzia usiku huo. Hiyo njo hatari ya pini.

Gama na pini watu wanavichanganya sana. Gama inakupiga soko likiwa wazi. Pini inakupiga soko likiwa limefunga. Dawa yao inafanana lakini si ugonjwa mmoja.

Hatua ya 1: panga saa zako

Lubumbashi, Goma na Bukavu tuko saa moja mbele ya Kinshasa, na New York inabadilisha saa mara mbili kwa mwaka, sisi hapana. Kuanzia Machi mpaka mwanzo wa Novemba soko linafunga saa ine ya usiku yetu (22:00), na miezi ya baridi yao linafunga saa tano ya usiku (23:00). Opsheni za hisa za kampuni zinaacha kuuzwa hapo hapo. Lakini mwenye opsheni, yule aliyenunua kwako, ana nafasi ya kuamua mpaka 5:30 ya jioni ya New York, maana yake 23:30 yetu wakati wa joto lao na 00:30 wakati wa baridi. Brokas wengi wanawawekea wateja wao saa ya mapema kuliko hiyo, lakini usitegemee hilo, haujui aliye upande wa pili anatumia broka gani. Na hisa yenyewe inaendelea kuuzwa baada ya kufunga mpaka 8:00 ya usiku ya kwao, saa nane ya usiku yetu, ao saa tisa miezi ya baridi.

Kwa hiyo kuna dakika 90 ambazo hisa inatembea, opsheni yako haiuziki tena, na mwenzako bado ana uamuzi mkononi. Dakika 90 tu, na hatari yote ya pini inakaa humo.

Sheria nyingine ya kushika: opsheni ikifunga ndani kwa senti moja tu ao zaidi, OCC (ile nyumba inayosimamia mikataba yote ya opsheni Amerika) inaitumia yenyewe bila kuulizwa. Lakini hiyo ni desturi ya kuanzia tu. Mwenye opsheni anaweza kusema "usiitumie" hata kama iko ndani, na anaweza kusema "itumie" hata kama iko inje kwa senti tatu. Ile 40.03 haikukingi na kitu.

Hatua ya 2: pima gama yako kwa kalamu

Tuchukue hisa ya shaba, juu hapa kwetu kila mtu ana maoni juu ya shaba. Wengi hapa wanafuata FCX, Freeport-McMoRan, juu ndiyo iliyokuwa na Tenke Fungurume mpaka ilipouza sehemu yake kwa Wachina mwaka 2016. Bei nitakazotumia ni za mfano tu, nimezinyoosha ili hesabu iwe rahisi, usizitafute kwenye chati: hisa dola 40, na IV (ule mtikisiko ambao bei za opsheni zinabeba) asilimia 40 kwa mwaka.

```
mwendo wa siku moja  = S × IV × √(1/252)
gama kwenye straiki  ≈ 0.4 / (S × IV × √(siku/252))
```

S ni bei ya hisa, siku ni siku za soko zilizobaki, na 252 ni siku za soko ndani ya mwaka. Mwendo wa siku moja unatoka 40 × 0.40 × 0.063, kama dola 1. Hiyo namba iandike pembeni, tutairudia.

Gama kwa hisa iliyosimama pale pale kwenye straiki: zikibaki siku 21 za soko ni kama 0.09, zikibaki 5 ni 0.18, ikibaki siku moja ni 0.40, na ikibaki saa moja ni kama 1. Maana yake kwa mdomo wa kawaida: delta ya puti uliyouza inakuambia ni kama umebeba hisa ngapi, na gama inakuambia hiyo idadi inabadilika kiasi gani hisa ikitembea dola moja. Kwa kontra moja ya hisa 100, mwezi mbele, hisa ikishuka dola moja mzigo wako unaongezeka hisa 9 hivi. Siku ya mwisho inaongezeka kama 40. Saa ya mwisho hata senti 40 zinatosha: hisa ikiwa 40.20 umebeba kama hisa 31, ikifika 39.80 umebeba kama 69, na haujagusa kitu, ulienda tu kuchemsha chai.

Watu wanasema, lakini siku za mwisho theta ni tamu, premiamu inayeyuka haraka. Ndiyo, inayeyuka haraka, lakini angalia inayeyuka kutoka kiasi gani. Asubuhi ya New York ya siku ya mwisho, hisa iko 41, puti yako ya 40 inauzwa kama senti 9. Umebakiza kupata dola 9 kwa kontra. Hisa ikianguka mpaka 39.50 mapema siku hiyo, na hiyo ni dola 1.50, siku na nusu ya mwendo wake wa kawaida, kitu ambacho hakishangazi mtu, ile puti inakuwa kama senti 70. Umepoteza dola 61 ukitafuta 9. Mimi sisemi itatokea kila mara, mara nyingi haitatokea, na hiyo njo inafundisha watu vibaya: wiki sita mfululizo unapata zile dola 9, ya saba inakula zote na kuvuka.

Hatua ya 3: elewa kwa nini bei inapenda kukaa pale pale

Sitakaa sana hapa. Wafanyabiashara wakubwa wakiwa wamenunua opsheni nyingi za straiki moja, wanajikinga kwa kuuza hisa ikipanda na kununua ikishuka, na hiyo inaivuta hisa kurudi kwenye straiki kama ng'ombe kwenye kamba. Watafiti walionyesha mwaka 2005 kwamba hisa zenye opsheni zinafunga karibu na straiki siku ya kuisha mara nyingi kuliko siku zingine. Lakini kama hao wakubwa wenyewe ndio wameuza, kamba inageuka, wanalazimika kununua ikipanda na kuuza ikishuka, na hisa inaruka mbali na straiki. Wewe kwenye simu yako hauoni nani amenunua na nani ameuza. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "itapiniwa 40, tulia", mwambie hilo halijui yeye wala wewe.

Hatua ya 4: fuata kesi moja mpaka Jumatatu

Zikibaki siku 45 za kalenda, hisa iko 43. Umeuza puti ya 40 na kununua puti ya 38 chini yake kama kinga, kontra 2. Umepokea senti 50 kwa kila hisa, dola 100 jumla. Upana wa spredi ni dola 2, kwa hiyo skrini inakuandikia hasara kubwa kabisa ni dola 300, yaani 400 toa 100. Akaunti ina dola 1,500 na hiyo 100 ikiwa ndani. Mpaka hapo safi.

Ijumaa ya mwisho hisa inafunga 40.03. Puti zote mbili ziko inje. Puti ya 38 imekufa kabisa. Tuseme robo saa baada ya kufunga habari mbaya inatoka na hisa inashuka 39.20 kwenye soko la jioni. Aliyeshika puti ya 40 anaangalia: ana haki ya kuuza kwa 40 kitu kinachouzwa 39.20. Anapeleka agizo lake kabla ya 5:30. Wewe umelala. Wikendi unashikishwa hisa 200 kwa dola 40, jumla dola 8,000.

Kinga yako ya 38 ilikuwa wapi? Ilikufa Ijumaa. Hapo njo watu wanashtuka, juu waliamini spredi ni kitu kimoja. Si kitu kimoja, ni mikataba miwili tofauti iliyoandikwa kwenye mstari mmoja wa skrini. Baada ya kufunga, mmoja unaweza kuishi na mwingine kufa.

Jumatatu hisa inafungua 37.20. Hisa 200 zimepoteza 2.80 kila moja, dola 560. Toa premiamu 100, hasara ni dola 460 na kamisheni juu, wakati skrini ilikuahidi haizidi 300. Na akaunti ya 1,500 haiwezi kubeba hisa za dola 8,000, broka anakuletea deni ya marjini, na mara nyingi anaziuza mwenyewe soko likifungua, kwa bei yoyote iliyopo. Hauchagui saa.

Kuna upande mwingine mbaya: kushikishwa ni bahati nasibu. OCC inagawa kwa mabroka kwa kubahatisha, broka naye anagawa kwa wateja wake. Ukiwa na kontra 2 unaweza kushikishwa zote, moja, ao hata moja isikuguse. Ndiyo maana kujikinga usiku ule kwa kuuza hisa 200 ambazo hauna, ukisema "lazima nitashikishwa", kunaweza kukuacha Jumatatu umeuza hisa za watu na haukushikishwa kitu, na hisa inapanda. Mimi niliingia huo mtego mara moja, na kontra moja tu, hisa nyingine kabisa. Hasara haikuwa kubwa lakini Jumapili ile sikusikia hata kimoja padri alichosema.

Na kama hisa inafunga katikati, tuseme 39.10? Hapo hakuna fumbo: puti ya 40 itatumika yenyewe, ya 38 inakufa, hisa 200 ni zako kwa wikendi nzima. Mabroka wengi wakiona akaunti haiwezi kubeba wanafunga spredi wenyewe Ijumaa mchana wa kwao, na hawabembelezi bei. Ukiona ujumbe wa onyo la kuisha kwenye akaunti, usisubiri wakufungie.

Hatua ya 5: sheria zenyewe za kufunga

Sheria ya kwanza inaandikwa siku ile ile unafungua. Kabla ya kuweka simu chini, peleka agizo la kufunga: BUY TO CLOSE, aina LMT, muda GTC, bei nusu ya ulichopokea. Ulipokea 0.50, weka 0.25. Hilo agizo linakaa hapo delestaji ikitokea, mega zikiisha, ukiwa Likasi kwenye msiba. Spredi nyingi zinazokwenda vizuri zinajifunga hivyo, na haufiki wiki ya mwisho hata kuiona.

Ya pili: zikibaki siku 21 za kalenda na haijajifunga, unaamua siku hiyo. Wauzaji wengi wa opsheni wanatumia hii namba 21, na hakuna uchawi ndani yake. Ni pale ambapo gama inaanza kupanda haraka lakini bado opsheni ina premiamu ya kutosha kukupa bei nzuri ya kutoka. Hisa iko mbali na straiki na una faida? Chukua. Iko karibu? Funga, ao sogeza mbele kwenye mwezi unaofuata, lakini kwa sharti moja: kusogeza lazima kukulipe kitu juu. Ukilazimika kulipa ili usogeze, hiyo si kusogeza, ni hasara unayoificha kwa mwezi mwingine, heri ufunge na ulale.

Ya tatu ni ya umbali, na inapita kalenda. Chukua mwendo wa siku moja, ule wa dola 1. Kila jioni ya wiki mbili za mwisho uliza: hisa iko mbali na straiki yangu kwa siku ngapi za mwendo? Ukiwa na wiki moja na umbali ni chini ya miwili, funga. Umbali ukiwa chini ya mmoja, funga hata kama ni Jumatatu na hata kama uko kwenye hasara. Kwenye mfano wetu: straiki 40, mwendo dola 1, basi hisa ikishuka chini ya 42 ndani ya wiki ya mwisho, mimi natoka. Hii hesabu ina upofu mmoja, haijui siku ya ripoti ya robo mwaka. Siku hiyo hisa inaweza kutembea mara tatu ao nne ya mwendo wake, kwa hiyo ripoti ikiangukia ndani ya muda wako, funga kabla yake bila kupiga hesabu yoyote.

Ya ine: Alhamisi ya wiki ya mwisho, soko likifunga, niwe sina opsheni yoyote niliyouza kwenye hisa. Yoyote. Hata ile iliyo mbali. Ikiwa hisa iko 46 na puti yangu ni 40, inauzwa senti 1 ao 2, kontra mbili ni dola 2 ao 4 na kamisheni. Watu wanaona uchungu kulipa dola 4 kwa kitu "kilichokufa". Lakini hizo dola 4 zinaifungua marjini yako siku moja mapema, na zinakuondoa kwenye zile dakika 90. Kwa kitu ambacho kinauzwa senti 5 ao chini mimi sifikirii tena, nalipa.

Mtu atasema huo ni woga, kuna faida unaiacha mezani. Kweli, unaiacha. Ukifunga mapema kila mara, mwaka ukiisha utakuwa umewaachia wengine senti nyingi za mwisho, na umelipa kamisheni zaidi. Kwa akaunti kubwa yenye uwezo wa kuchukua hizo hisa na kuzishika, hesabu inaweza kuwa tofauti, na mtu anayeuza puti kwa sababu anaitaka ile hisa kweli, mwenye dola 8,000 zimekaa, hana sababu ya kukimbia 40.03. Hizi sheria ni za akaunti ambayo haiwezi kubeba hisa.

Hatua ya 6: namna ya kufunga bila kunyolewa

Funga miguu yote miwili kwa agizo moja la spredi, kwa LMT, usitumie MKT kamwe kwenye opsheni. Angalia bei ya mnunuzi na bei ya muuzaji, anza katikati. Mnunuzi 0.18, muuzaji 0.26? Anza 0.22, subiri dakika moja mbili, ongeza senti moja, tena. Usifanye hivi dakika za kwanza za soko, wakati huo nafasi kati ya bei mbili ni pana na utalipa pengo bure. Nusu saa baada ya kufungua inatosha kutulia.

Kama ule mguu wa chini ulionunua hauna tena mnunuzi, bei yake 0.00, agizo la spredi linaweza kukwama. Basi nunua tu ule uliouza, uache wa chini ufe wenyewe, hauna madhara. Kinyume chake usikifanye: usiuze kinga kwanza ukisema utanunua ule mwingine baadaye. Mtandao ukikatika katikati umebaki na puti bila kinga, na broka atataka marjini ambayo hauna.

Kwa wanaouza koli kuna kitu kimoja cha kuongeza. Opsheni za hisa za Amerika zinaweza kutumika siku yoyote, si Ijumaa tu. Koli uliyouza ikiwa ndani, na premiamu yake ya muda imebaki ndogo kuliko gawio la hisa, siku moja kabla ya tarehe ambayo hisa inaanza kuuzwa bila gawio mwenzako ana sababu ya kuitumia, na ukishikishwa wakati hauna hisa wewe ndiye utalipa hilo gawio. Toa bei ya straiki kwenye bei ya hisa, linganisha na bei ya koli: tofauti ikiwa chini ya gawio, funga jioni hiyo.

Kama hutaki kabisa hatari ya pini

Opsheni za XSP na SPX, zile za fahirisi ya S&P 500, hazikushikishi hisa, zinalipana kwa pesa, na hazitumiki kabla ya siku ya mwisho. Hapo pini inaondoka. Gama haiondoki, inabaki vile vile na saa ya mwisho ni kali sawa. Na kwa SPX angalia herufi: zile za mwezi za Ijumaa ya tatu zinaacha kuuzwa Alhamisi, halafu bei ya mwisho inapigwa kutoka kwenye bei za kufungua Ijumaa, kwa hiyo usiku wa Alhamisi uko ndani na hauwezi kutoka. Zile za SPXW zinalipwa kwa bei ya kufunga. Watu wawili wanaweza kusema "nina SPX ya Ijumaa" na wana hatari tofauti kabisa.

Umechelewa, ni Ijumaa na uko pale pale kwenye straiki

Kama soko bado liko wazi, hata dakika kumi, nunua ule uliouza. Ule tu. Kwenye saa ya mwisho hisa ikiwa 40.20 utalipa kama senti 8, kontra mbili dola 16. Ikiwa dakika tano, panda haraka na usibishane juu ya senti mbili.

Kama limefunga, usiguse hisa usiku huo isipokuwa unajua kabisa idadi unayoweza kushikishwa na unakubali kukosea. Jumamosi asubuhi fungua akaunti uangalie POSITIONS, si barua pepe, barua inaweza kuchelewa. Ukikuta hisa, piga hesabu mbili kabla ya Jumatatu: deni ni kiasi gani, na hisa ikifungua chini kwa miendo miwili akaunti inabaki na nini. Soko la mapema linaanza saa ine ya asubuhi yetu wakati wa joto lao, saa tano wakati wa baridi, kama broka wako analiruhusu, na wauzaji ni wachache, kwa hiyo LMT tena. Agizo la kuuza liwe limekaa tayari kabla soko kubwa halijafungua saa tisa na nusu ya mchana, ao kumi na nusu miezi ya baridi, juu ukilala hiyo saa broka anakuuzia mwenyewe. Na ukikuta kontra moja tu imekushika, ile ya pili imekufa Ijumaa na haitakufuata.